Kabla ya kuifuta kadi yako ukiwa safarini, isimamishe kwanza

Nilikuwa Namanga, upande wa Tanzania, pasipoti imeshagongwa muhuri, nikiwa naelekea Arusha kuripoti vikao vya Jumuiya. Basi lililonitoa Kampala lilikuwa limenifikisha Nairobi asubuhi, nikanywa chai na chapati kwenye mkahawa karibu na stendi, nikalipa kwa kadi, kisha nikapanda gari dogo la kwenda mpakani. Sasa nilitaka kutoa shilingi za Tanzania kwenye ATM. Nikafungua pochi. Kadi haikuwamo.

Mwenzangu niliyekuwa nasafiri naye, mwandishi mkongwe kunizidi, hakunipa nafasi ya kufikiri. "Dada, ifute! Ifute sasa hivi kabla hawajaikausha akaunti!" Nikafungua programu ya benki kwenye simu, nikaenda mahali palipoandikwa `Cards`, nikaona kitufe chekundu cha `Block card`, nikakibonyeza. Programu ikauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Dereva alikuwa anapiga honi.

Saa mbili baadaye, nikiwa chumbani Arusha, nilitoa nyaraka zangu kuzipanga. Kadi ilikuwa katikati ya kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, kile ambacho maofisa wa afya hukiomba mpakani. Nilikuwa nimeichomeka humo mwenyewe, mkahawani, nilipokuwa natafuta chenji. Nikacheka, nikafungua tena programu ili niirudishe kazini. Sikuona kitufe cha kuirudisha. Nilipoipigia benki simu, binti aliyepokea aliniambia kwa upole: "Dada, kadi ikishafutwa haifufuki. Mpya utaichukua kwenye tawi lako, Kampala, baada ya siku saba za kazi."

Nilikuwa na siku sita za kukaa Arusha, na fedha zangu zote zilikuwa kwenye akaunti ambayo ilikuwa salama salimini.

Nimeyakumbuka hayo wiki hii kwa sababu watu wawili wameniuliza swali lilelile, mmoja akiwa njiani kwenda Kigali na mwingine akiwa Dar es Salaam: kadi siioni, nifanye nini? Ushauri unaotolewa mara nyingi na ndugu na marafiki ni ule wa mwenzangu wa Namanga. Naona ni ushauri mbaya kwa mtu aliye nje ya nchi yake, isipokuwa katika hali chache ambazo nitazieleza. Na katika hali hizo chache, kinyume chake ndicho kinachoumiza: watu huisimamisha kadi waliyopaswa kuifuta.

Tuanze na tofauti ya mambo hayo mawili. Unapochomeka au kugusisha kadi kwenye mashine ya malipo, mashine hiyo haiamui chochote yenyewe. Inatuma ujumbe kwa benki ya mwenye duka, ujumbe unapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, unafika kwa benki iliyokupa kadi, na benki hiyo ndiyo inayojibu ndiyo au hapana. Yote hayo huchukua sekunde chache. Ukiisimamisha kadi kwa muda, benki yako inaweka alama tu kwenye kumbukumbu zake: kadi hii ikiulizwa, jibu hapana. Namba ya kadi ni ileile, tarehe ya mwisho ni ileile, namba ya siri ni ileile. Ukiondoa alama hiyo, hata baada ya dakika tano, kadi inaendelea kama kawaida.

Kuifuta ni jambo jingine. Namba inauawa. Benki inakutengenezea kadi yenye namba mpya, tarehe mpya na tarakimu tatu mpya za nyuma, na kadi hiyo lazima ichapishwe, isafirishwe na ikabidhiwe mkononi mwako. Kampuni zote zilizokuwa zimeihifadhi namba ya zamani kwa ajili ya kukukata kila mwezi utalazimika kuzipa mpya, ijapokuwa nyingine hupata namba mpya kupitia mitandao ya kadi bila wewe kufanya chochote. Hilo nalo ni la kuangaliwa ikiwa ulifuta kadi kwa nia ya kumkimbia mfanyabiashara fulani.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalogusa akaunti. Nikiwa Arusha bila kadi, bado niliweza kuhamisha fedha kwa kutumia programu ileile. Nilizituma kwenye laini yangu ya simu ya Uganda, kutoka hapo nikazituma kuvuka mpaka kwenda kwenye simu ya rafiki yangu wa Arusha, naye akazitoa kwa wakala. Nilikatwa tozo mara tatu na kiwango cha kubadilisha fedha hakikuwa rafiki. Lakini nilikula. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukiisimamisha kadi mshahara wako utakwama njiani, hajui anachokisema. Mshahara huingia kwenye akaunti, hauingii kwenye kadi.

Sasa, uamuzi wenyewe. Kwa muda mrefu nilidhani swali la kujiuliza ni "kadi iko wapi?" Siku hizi najiuliza jingine: "nani anaijua namba yake?" Kama jibu ni kwamba kipande cha plastiki hakionekani, na hakuna dalili kwamba kipo mikononi mwa mtu mbaya, simamisha. Inawezekana kipo chini ya kiti cha basi, kwenye suruali iliyokwenda kwa dobi, au ndani ya kitabu cha chanjo. Lakini kama namba imeshatoka, hata kama kadi yenyewe umeishika mkononi, futa. Namba ikishajulikana haiwezi kusahaulishwa, na kuisimamisha ni kuufunga mlango ambao ufunguo wake mwizi anao. Atangoja siku utakayoufungua.

Mama mmoja mwenye duka la vitenge eneo la Kikuubo, Kampala, aliniruhusu nieleze yaliyompata bila kumtaja jina. Yeye huenda Dar es Salaam mara kwa mara kununua mzigo Kariakoo. Mapema mwaka huu alipokea ujumbe wa simu ukisema kifurushi chake kimezuiliwa na anatakiwa kulipa ada ndogo ili kiachiliwe. Kwa kuwa kweli alikuwa anangoja mzigo, alibofya, akaandika namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu. Baada ya dakika chache moyo ukamwambia kwamba amekosea. Akafungua programu ya benki, akaisimamisha kadi. Hadi hapo alifanya vizuri sana.

Jioni ile alipata ujumbe wa benki: malipo ya dola 1 yamekataliwa. Kesho yake mwingine, dola 1 tena, duka lisilojulikana. "Mwanangu, nilifurahi," aliniambia. "Nikasema, ona, kitu kinafanya kazi."

Ni kweli kilikuwa kinafanya kazi. Lakini ujumbe ule ulikuwa na habari nyingine ndani yake. Wezi wa namba za kadi hujaribu kwa kiasi kidogo kwanza, ili kuona kama kadi iko hai, kabla ya kuvuta kikubwa. Malipo yaliyokataliwa mahali ambapo hujawahi kununua ni ushahidi kwamba namba iko mikononi mwa mtu na mtu huyo anaitumia. Hapo hakuna tena shaka ya kusubiri. Angepaswa kuifuta siku ileile, naye alikuwa nyumbani Kampala, dakika kumi kutoka kwenye tawi lake.

Wiki tatu zilipita kimya. Alisafiri kwenda Dar, na siku ya kuondoka nyumba ya wageni ilitaka alipe kwa kadi. Akaifungua asubuhi, akalipa, akakimbilia Kariakoo. Alisahau kuisimamisha tena. Ilipofika alasiri, miamala miwili ilikuwa imepita kwenye duka la mtandaoni lililo nje ya Afrika, jumla yake shilingi 640,000 za Uganda. Duka hilo halikuomba ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu; si maduka yote duniani yanaiomba. Alipolalamika, benki ilimuuliza swali ambalo hakuwa amelitarajia: ulipogundua kwamba umetoa namba zako, ulituarifu lini?

Hakuwa ametoa taarifa. Alidhani kubonyeza kitufe ndiyo taarifa. Masharti ya kadi ambayo sote huyakubali bila kuyasoma kwa kawaida humtaka mteja aiarifu benki mara anapojua kwamba kadi au namba zake zimeingia mikononi mwa mwingine, na kitufe cha kusimamisha hakielezi sababu ya kukibonyeza. Kwa benki, mtu aliyesimamisha kadi kwa sababu ya wizi anaonekana sawa na aliyeisimamisha ili mwanawe asinunue michezo ya simu. Ni lazima upige simu, uandike au uende tawini, na upewe namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Mama huyu, nilipozungumza naye, alikuwa amesharudishiwa muamala mmoja na alikuwa bado anaufuatilia wa pili.

Basi hali za kufuta moja kwa moja ni hizi, na si nyingi. Umeandika namba zako kwenye ukurasa unaoutilia shaka. Umeona muamala ambao si wako, uwe umepita au umekataliwa. Umeporwa pochi kwa nguvu, au umeona kwa macho yako mtu akikimbia nayo. ATM imeimeza kadi baada ya "msamaria" aliyesimama karibu kukusaidia kubonyeza namba ya siri, kwa sababu kuna mtego wa zamani ambapo kipande chembamba huwekwa kwenye tundu la mashine ili kadi ikwame, na msamaria huyo hurudi kuichukua ukishaondoka, namba ya siri ikiwa kichwani mwake. Hapo simamisha ukiwa bado umesimama mbele ya mashine, kisha piga simu uifute.

Na kuna hali ya tano, ambayo naona haizungumzwi vya kutosha: simu na kadi vimepotea pamoja. Kitufe cha kusimamisha kimo ndani ya simu. Anayeishika simu yako na akaijua namba yake ya kufungulia anaweza kuisimamisha kadi, lakini pia anaweza kuifungua. Wengi wetu tunaibeba kadi kwenye kifuko cha nyuma ya simu, jambo ambalo sasa nimeacha. Vikienda vyote, tafuta simu ya mtu, piga benki, futa kadi na omba huduma ya benki kwa simu ifungwe, halafu piga kampuni ya simu wafunge laini.

Lakini utapiga namba gani? Jaribu hili leo. Geuza kadi yako uitazame namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma. Kwanza, ukiipoteza kadi, namba imepotea nayo. Pili, nyingi ni namba za bure au fupi ambazo hufanya kazi ndani ya nchi tu. Ukiwa Bujumbura au Mombasa hazitaita. Unachohitaji ni namba kamili inayoanza na msimbo wa nchi, +256 kwa Uganda, +254 kwa Kenya, +255 kwa Tanzania, +250 kwa Rwanda, na iandikwe kwenye daftari au kwenye simu ya unayesafiri naye.

Programu nayo inahitaji intaneti. Mpango wa mtandao mmoja wa simu, ulioanza kati ya Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014, ulilenga zaidi kushusha gharama za kupigiana simu kuvuka mipaka. Data ukiwa nje ya nchi yako ni habari nyingine, na wengi wetu tukivuka mpaka tunanunua laini ya huko. Hilo lina mtego wake: baadhi ya programu za benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyoisajili nayo kila unapotaka kuingia upya au kuiondoa kadi kwenye kusimamishwa. Ukiwa umeitoa laini ya Uganda na kuiacha kwenye begi, ujumbe utafika hewani. Simu ya laini mbili humaliza tatizo hilo, mradi laini ya nyumbani ibaki imewashwa na inapokea ujumbe.

Rudi kwenye hali ya kawaida, ile ya "siioni". Nikirudia safari ile ya Namanga leo ningefanya hivi. Ningeisimamisha kadi, halafu ningetoka kwenye programu na kuingia tena kuhakikisha kwamba alama ya kufuli bado ipo, kwa sababu mtandao wa mpakani hukatika na unaweza kudhani umebonyeza kumbe ombi halikufika. Ningeangalia orodha ya miamala: wa mwisho ni ile chai ya Nairobi, hakuna mwingine. Hilo peke yake lingenipa utulivu wa kupanda gari. Nikifika chumbani ningemwaga kila kitu kitandani. Nisipoipata, ningepiga simu mkahawani. Ningejipa hadi kesho yake jioni. Kama hakuna ujumbe wa malipo yaliyokataliwa, na kadi haijaonekana, ningeiacha imesimama siku zote sita, nikitumia simu kuhamisha fedha, na kuifuta nikiwa kwenye basi la kurudi, ili kadi mpya ianze kutengenezwa nikiwa njiani kuifuata.

Sehemu hiyo ya mwisho wengine wataipinga. Wataniuliza kwa nini nisiifute mapema, ikiwa imepotea kweli. Jibu langu ni kwamba kadi iliyosimamishwa na iliyofutwa zinamkatalia mwizi karibu sawasawa, ila moja inakuachia njia ya kurudi. Nikiipata siku ya tatu chini ya godoro, ningeifungua na kuitumia. Kuifuta mapema kusingenipa kadi nikiwa bado Arusha, maana kadi mpya ningeichukulia Kampala.

Nimesema "karibu", na nafafanua. Kusimamisha kunafanya kazi pale tu ambapo benki inaulizwa. Ipo miamala michache ambayo mashine huikubali bila kuuliza wakati huohuo, kama mauzo ndani ya ndege ikiwa angani, kisha hutuma hesabu baadaye. Pia kiasi ambacho benki ilishakikubali kabla hujabonyeza, kama vile dhamana ambayo hoteli hukizuia unapoingia, kinaweza kukatwa hata kama kadi imesimama. Kwenye programu huonekana kwa neno `Pending`. Ukikiona kikikamilika kesho yake usidhani kwamba kufuli limevunjwa. Na zipo benki ambazo kusimamisha huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, kadi ikarudi hai au ikafutwa; ulizia ya kwako kabla ya kufunga safari.

Nigusie kwa ufupi wanaoisimamisha kadi ili kukwepa makato ya kila mwezi ya filamu au muziki. Kampuni hujaribu tena na tena, na siku ukiifungua kadi kununua mafuta ya gari, inakata deni. Sitisha huduma huko huko kwenye huduma yenyewe.

Lawama zangu zilizobaki ni kwa benki zetu, na ya kwanza ni ya maneno. Nilichobonyeza Namanga kiliitwa `Block card`. Kwenye programu ya benki nyingine ninayoitumia sasa, `Block` maana yake ni kusimamisha kwa muda, na kufuta kunaitwa `Report lost or stolen`. Nimeona nyingine yenye `Freeze`, nyingine `Lock`, nyingine `Temporary block` na `Permanent block`, na hizi mbili za mwisho angalau zinajieleza. Mtu aliyebabaika mpakani, akisoma Kiingereza ambacho si lugha yake, hapaswi kubahatisha. Andikeni "Simamisha kwa muda" na "Futa kabisa". Wekeni vitufe hivyo mbali, na kabla ya kufuta mwonyesheni mteja sentensi moja: kadi hii haitarudi, mpya utaichukua tawi fulani, baada ya siku kadhaa. Ningeisoma sentensi hiyo Namanga, ningeondoa kidole.

Ya pili ni nzito zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tangu hapo benki kadhaa zimejenga matawi katika nchi tatu, nne, hata tano za Jumuiya, zote zikiwa na rangi moja na nembo moja. Arusha nilipita mbele ya tawi lenye nembo ya benki yangu mara mbili kwa siku. Niliingia. Walinikaribisha kiti na maji, kisha wakaniambia hawawezi kuona akaunti yangu. Sababu wanayo: kila benki ya nchi ni kampuni yake yenyewe, yenye leseni ya benki kuu ya nchi hiyo, na mteja wa Kampala si mteja wa Arusha hata kama mabango yanafanana. Naelewa kwamba taarifa za mteja haziwezi kutembea hovyo. Lakini bahasha iliyofungwa, yenye kadi ndani, ikabidhiwe kwa mtu aliyeonyesha pasipoti yake, hilo nalo linavunja siri gani? Wasafirishaji wa vifurushi hufanya hivyo kila siku, kwenye mabasi yaleyale tunayopanda.

Hadi hilo litokee, anayesafiri abebe kadi mbili za akaunti tofauti na azitenganishe, moja mwilini na nyingine ndani ya begi, ya pili ikiwa imesimamishwa tangu nyumbani. Mimi sasa naondoka Kampala na kadi moja hai na moja iliyolala. Mwezi uliopita, nikiwa Kigali, ile hai sikuiona kwa saa nne; niliisimamisha, nikaiamsha ya akiba, nikalipa chakula cha mchana. Jioni mhudumu wa hoteli alinipigia simu. Ilikuwa imeangukia nyuma ya meza ya mapokezi.

Mama wa Kikuubo naye amepata kadi mpya. Anasema anaisimamisha kila usiku kabla ya kulala na kuifungua asubuhi akifungua duka. Nilimwambia si lazima afike huko. Akanijibu kwamba kufuli la duka nalo hulifunga kila usiku, na mimi sijawahi kumwambia aache.